Raba za kukimbilia kwa anayeanza: anza na rula

Anayeanza kukimbia akiingia dukani huulizwa kwanza anavaa namba ngapi. Karibu kila mtu analo jibu mdomoni, na mara nyingi jibu hilo limepitwa na wakati. Wengi hutaja namba ya viatu vya ofisini, au namba waliyoijua tangu shuleni, wakati mguu wa mtu mzima huendelea kubadilika. Hutanuka kadiri umri na uzito unavyoongezeka, na kwa wanawake wengi huongezeka urefu kidogo baada ya ujauzito. Juu ya hayo, namba ileile kwa kampuni mbili tofauti inaweza kuwa viatu viwili vyenye urefu tofauti kabisa ndani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukimbia kilomita 3 hadi 5, mara tatu kwa wiki, kwenye lami au barabara ya vumbi, awe ananunua raba mpya dukani au anachagua kwenye mitumba. Tunatumia nafasi kubwa kwenye jambo moja, yaani kiatu kukutosha, kwa sababu hilo unaweza kulipima mwenyewe kwa rula na kulihakikisha kwa kukimbia dakika chache. Mengi ya yale yanayoandikwa kwenye boksi huwezi kuyapima, na baadhi hayajathibitishwa na mtu yeyote.

Kupima mguu nyumbani

Pima jioni, baada ya kutwa nzima ya kutembea au kusimama, kwa sababu wakati huo mguu umevimba kidogo, kama unavyovimba ukikimbia. Vaa soksi utakazokimbia nazo. Unahitaji karatasi moja ya A4, rula, kalamu ya risasi na vitabu viwili vyenye majalada magumu. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, kwa hiyo inatosha karibu miguu yote.

Weka karatasi sakafuni, ukingo wake mfupi ukigusa ukuta. Simama juu yake, kisigino kikigusa ukuta bila kuusukuma, na uzito wako uwe sawa miguu yote miwili. Usipime ukiwa umekaa, kwa maana unyayo hurefuka unapobeba uzito. Mwombe mtu asogeze kitabu kilichosimama wima mpaka kiguse kidole kilichotangulia, kisha achore mstari hapo. Kwa watu wengi kidole hicho ni gumba, lakini kwa wengine ni cha pili, na kama ni cha pili ndicho kinachohesabika. Urefu kutoka ukutani hadi kwenye mstari ndio urefu wa mguu wako.

Kwa upana, weka kitabu kimoja kila upande wa mguu, pale unapokuwa mpana zaidi, yaani kwenye fundo la kidole gumba na fundo la kidole kidogo. Toa mguu, pima nafasi kati ya vitabu. Watu huzoea kuchora mguu kwa kuuzungushia kalamu, lakini kalamu ikilala ndani mstari unapungua na ikilala nje unaongezeka. Milimita 3 kila upande ni kosa la kawaida kabisa, na linatosha kukupeleka kwenye namba isiyo yako.

Pima mguu wa pili pia. Ni watu wachache wenye miguu iliyolingana kabisa. Mguu mrefu zaidi ndio unaoamua namba, kwa sababu kiatu kilichozidi kidogo hurekebishwa kwa kamba au soksi nene, lakini kiatu kifupi hakirekebishwi na kitu chochote.

Sasa ongeza nafasi ya mbele. Unapokimbia, mguu husogea mbele kidogo ndani ya kiatu kila unapotua, na huvimba kadiri unavyoendelea. Ongeza sentimita 1 hadi 1.5 juu ya urefu wa mguu mrefu. Huo ndio urefu wa ndani unaoutafuta. Uandike pamoja na upana kwenye simu yako, kwa sababu utauhitaji kila unaponunua kiatu.

Namba kwenye lebo zinasema nini

Fungua ulimi wa raba uangalie lebo iliyoshonwa ndani. Kwa kawaida utakuta US, UK, EU au EUR, na mara nyingi CM au JP. Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7 kila hatua. Namba za Uingereza na Marekani hupanda kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5, na nusu namba ni kama milimita 4. Ndiyo sababu kutoka 8 kwenda 8.5 unaweza kuhisi tofauti ndogo sana, ilhali kutoka 42 kwenda 43 ya Ulaya ni tofauti inayoonekana.

Tatizo linaanzia kwenye ubadilishaji. Kwa viatu vya kiume vya Nike, US 9 huandikwa UK 8. Kwa Adidas, US 9 huandikwa UK 8.5. Anayejijua kuwa "namba 8" bila kusema ya wapi na ya nani hajasema kitu kinachotosha kununulia. Namba za wanawake za Marekani nazo huwa juu ya zile za wanaume kwa takriban 1.5, hivyo US 8.5 ya kike ina urefu unaokaribiana na US 7 ya kiume. Kwenye mitumba, ambako boksi halipo na muuzaji husoma namba ya kwanza anayoiona, hapo ndipo wengi hupotea.

Ukiona CM au JP, ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa inataja urefu wa mguu ambao kiatu kimekusudiwa. JP huandikwa wakati mwingine kwa milimita, kwa mfano 265. Hata hivyo kampuni moja huhesabu nafasi ya vidole tofauti na nyingine. Itumie lebo hiyo kuchagua viatu vya kuanza kujaribu, kisha upime ndani.

Soli ya ndani na kipande cha kadibodi

Raba nyingi zina soli ya ndani inayotoka, ile sponji nyembamba unayoikanyaga. Itoe, inyooshe juu ya kitu bapa, pima urefu wake. Kisha iweke sakafuni uisimamie, kisigino chako kikikaa pale kiatu kinapokiweka. Mbele ya kidole kirefu inapaswa kubaki ile sentimita 1 au zaidi. Upande kwa upande, nyama ya mguu kuzidi kwa milimita 2 au 3 ni kawaida, kwa sababu kitambaa cha juu hutanuka na soli ya ndani huwa nyembamba kidogo kuliko kiatu. Mguu ukizidi sana, hasa mfupa wa fundo la kidole kidogo ukiwa nje ya soli, kiatu hicho ni chembamba kwako. Usikubali kuambiwa kitaachia. Kitambaa kitalegea kidogo, lakini sponji na soli ya chini hazipanuki, na mguu utakuwa unakanyaga ukingo.

Baadhi ya raba zina soli ya ndani iliyogandishwa. Kwa hizo, kabla ya kwenda dukani kata ukanda wa kadibodi wenye upana wa sentimita 1, urefu wake ukiwa urefu wa mguu wako mrefu pamoja na sentimita 1. Uingize ndani ya kiatu, ncha moja iguse nyuma kabisa kwenye kisigino. Ukilala bapa bila kujikunja, urefu unatosha. Ukijikunja, kiatu ni kifupi, hata kama lebo inasema nini. Ukanda huu una faida nyingine: unaweza kumpa ndugu anayekwenda Kariakoo au Gikomba akununulie, na hatahitaji kukisia.

Mfano mmoja hadi mwisho

Tuchukue mtu ambaye mguu wake wa kushoto una urefu wa sentimita 25.8, wa kulia 26.2, na upana mkubwa ni sentimita 10. Anahesabu kwa mguu wa kulia: 26.2 jumlisha 1 hadi 1.5, anatafuta urefu wa ndani wa sentimita 27.2 hadi 27.7. Amezoea kujiita namba 42.

Raba ya kwanza imeandikwa EU 42. Soli ya ndani ina sentimita 26.6. Dukani anaivaa na haimuumi, kwa kuwa amesimama tu. Lakini mbele ya kidole zimebaki milimita 4, na akikimbia kilomita 4 kidole kitakuwa kinagonga mbele kila hatua, hasa akiteremka. Baada ya wiki chache ukucha unakuwa mweusi. Hii anaiacha.

Raba ya pili nayo ni EU 42, ya kampuni nyingine, na soli ya ndani ina sentimita 27.3. Urefu ni mzuri. Anaitoa soli na kuikanyaga: mahali papana ina sentimita 8.9 tu. Mguu wake unazidi kwa zaidi ya sentimita nzima. Hapa watu wengi hufanya kosa la kupanda namba mbili ili wapate upana. Wanapata kiatu kirefu ambacho kisigino kinacheza ndani yake, na mahali kiatu kinapojikunja hapakutani tena na mahali vidole vinapojikunja. Anayehitaji upana atafute kiatu kipana cha urefu uleule. Kampuni kadhaa hutengeneza upana zaidi ya mmoja. Kwa viatu vya kiume vinavyofuata vipimo vya Marekani, D ni wa kawaida, 2E ni mpana na 4E ni mpana zaidi. Mwanamke mwenye mguu mpana anaweza kujaribu ya kiume ya urefu uleule, mradi kisigino kisicheze.

Raba ya tatu imeandikwa EU 42.5. Soli ya ndani ina sentimita 27.5 na upana 9.7. Mbele ya mguu wa kulia inabaki sentimita 1.3, na mguu wa kushoto, ulio mfupi, unapata 1.7, ambayo atairekebisha kwa kukaza kamba. Hii ndiyo anayoivaa kuijaribu. Ona kwamba namba aliyoizoea imemwongoza kwenye viatu viwili visivyomfaa, na kila kimoja kwa sababu yake.

Vaa, funga, kimbia

Vaa raba zote mbili, ukaze kamba kuanzia chini kwenda juu. Sukuma kisigino nyuma kabla ya kufunga, wala usifunge ukiwa umesimama kwa vidole. Bonyeza mbele kwa kidole gumba cha mkono ukiwa umesimama, upate nafasi ya upana wa kidole hicho.

Kisha kimbia. Dakika 2 au 3 mbele ya duka zinatosha kuonyesha mambo ambayo kusimama hakuonyeshi. Muuzaji akikataa kiatu kisitoke nje kwa kuogopa vumbi, omba ukimbie ndani au upande na kushuka ngazi. Kushuka ndiko kunakosema ukweli kuhusu vidole: vikigonga mbele kwenye ngazi kumi, vitagonga kwenye mteremko wa mlima. Sikiliza sehemu tatu. Kisigino kinapanda ndani ya kiatu? Ukingo wa nyuma unakwaruza kano au kifundo? Kuna mshono au mkunjo unaogandamiza vidole pale kiatu kinapojikunja? Jambo lolote linalokusumbua kidogo katika dakika 3 litakuwa lengelenge katika dakika 30, hivyo usinunue kwa matumaini kwamba kiatu kitazoeana na mguu.

Kisigino kikicheza kidogo na mengine yote yakiwa mazuri, kabla ya kukiacha jaribu lile tundu la ziada la kamba lililo juu kabisa, karibu na kifundo, ambalo wengi hawalitumii kamwe. Pitisha kamba kutoka nje kwenda ndani kwenye tundu hilo, upande uleule, ili itengeneze kitanzi kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili, kisha pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kwa chini na nyuma, ndipo ufunge. Hapo kisigino hushikwa bila kukaza mguu mzima. Kinyume chake, kama mgandamizo uko juu ya mguu na vidole vinakufa ganzi, fungua kamba, na pale panapouma zisikatize juu ya ulimi. Zipandishe wima hadi tundu linalofuata, kisha endelea kukatiza kama kawaida. Ganzi nyingi zinazosingiziwa soli hutoka kwenye kamba zilizokazwa kupita kiasi.

Maneno utakayoambiwa, na kilichopimwa

Dai linalosikika zaidi ni kwamba kila unyayo una kiatu chake: mwenye unyayo bapa avae raba yenye mhimili wa kuzuia mguu kulalia ndani, mwenye tao la juu avae yenye sponji nyingi, na wa katikati avae ya kawaida. Kipimo chake ni kulowesha mguu, kukanyaga karatasi na kuangalia alama. Wazo hilo lina mantiki, na lilisambaa kwa miaka mingi kabla ya kujaribiwa sawasawa. Lilipojaribiwa kwa makuruta wa jeshi la Marekani, kundi moja lilipewa viatu kulingana na umbo la unyayo na kundi jingine likapewa aina moja kwa wote; tofauti ya majeraha kati ya makundi ilikuwa ndogo au haikuwepo. Huko Denmaki, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wakimbiaji wapya 927 kwa mwaka mmoja, wote wakivaa raba za kawaida, na waliokuwa na mguu unaolalia ndani kiasi hawakuumia zaidi ya wengine.

Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tafiti za afya, yalikusanya majaribio 12 yenye washiriki 11,240. Hitimisho lake kuhusu kuchagua kiatu kwa umbo la unyayo ni kwamba huenda hakuleti tofauti au kunaleta ndogo sana katika kuzuia majeraha, na waandishi wenyewe wakasema ushahidi kwa jumla ni dhaifu. Ni haki kutaja na upande wa pili: jaribio la Lasembagi la mwaka 2016, lenye wakimbiaji 372, liliona faida ya raba zenye mhimili, hasa kwa wenye mguu unaolalia ndani. Kwa hiyo kama umejaribu raba ya aina hiyo na ndiyo iliyokukaa vizuri kuliko zote, inunue bila wasiwasi. Usiilipie bei ya juu kwa sababu tu mtu ameangalia alama ya mguu wako sakafuni.

Sponji laini nayo inastahili neno. Watafiti haohao wa Lasembagi walichapisha mwaka 2020 jaribio la wakimbiaji 848 waliopewa raba zinazofanana kwa sura, nyingine zikiwa na sponji laini zaidi na nyingine ngumu zaidi. Waliovaa ngumu waliumia zaidi. Jambo ambalo wauzaji wangelitarajia kinyume ni kwamba faida ya ulaini ilionekana kwa wakimbiaji wepesi, na haikuonekana wazi kwa wazito. Mtu mzito anayeambiwa lazima anunue sponji nene kuliko wote haambiwi jambo lililothibitishwa.

Halafu kuna raba zenye bamba la kaboni, ambazo sura yake inajulikana na kila mtu tangu Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Viena mwezi Oktoba 2019. Hizi zinafanya kazi, na kwa hizi ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima wakimbiaji 18 wenye uwezo mkubwa na kukuta wanatumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 4. Lakini walipimwa kwa mwendo wa kilomita 14, 16 na 18 kwa saa. Anayeanza huenda kilomita 7 hadi 9 kwa saa, na hakuna sababu ya kuchukua asilimia hiyo na kuiweka kwenye mwendo wake. Raba hizo ni ghali, sponji yake huchoka mapema, na soli nene na laini hutikisika kifundo kinapopita kwenye kokoto. Ni vifaa vya siku ya mashindano.

Ukikuta kiatu kinachoahidi kupunguza tumbo au kukaza misuli kwa kukivaa tu, kumbuka kwamba madai ya aina hiyo yameshafikishwa kwa wasimamizi wa biashara. Mwaka 2012 Skechers ilikubali kulipa dola milioni 40 kumaliza mashtaka ya Tume ya Biashara ya Marekani kuhusu matangazo ya viatu vyake vya Shape-ups, na mwaka 2014 Vibram ilikubali kulipa dola milioni 3.75 katika kesi iliyohusu madai ya afya ya viatu vyake vyenye vidole.

Kipimo kimoja cha kiufundi kinafaa kueleweka, nacho ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na mbele. Huandikwa kwa milimita, kuanzia 0 hadi kama 12. Tofauti ikiwa ndogo, kazi zaidi huhamia kwenye kifundo, kano ya kisigino na misuli ya nyuma ya muundi. Ikiwa kubwa, zaidi huenda kwenye goti. Hakuna iliyo bora kwa wote. Kwa anayeanza ambaye siku zote amevaa viatu vyenye kisigino kidogo, milimita 8 hadi 10 haitamletea mabadiliko ya ghafla. Akiruka moja kwa moja hadi 0, nyuma ya muundi itamuuma ndani ya wiki ya kwanza.

Kuhusu barabara: raba ya lami inatosha kwenye vumbi lililoshikana. Angalia tu soli ya chini. Ikiwa sponji iko wazi bila mpira kwenye kisigino na mbele, changarawe itaikwangua haraka, na mifereji mirefu katikati ya soli hukamata kokoto. Raba yenye meno makubwa ni ya matope na milima. Juu ya lami meno hayo huliwa upesi.

Ukinunua mitumba

Raba ya mtumba inaweza kuwa nzuri kuliko feki mpya ya bei hiyohiyo, lakini hukaguliwa kwa mpangilio. Ziweke zote mbili juu ya meza bapa, ziangalie kwa nyuma, macho yakiwa sawa na soli. Zikiwa zimelala upande mmoja, sponji imeshagandamizwa kwa namna ya mwenye nayo wa kwanza, na zitakulazimisha ukanyage kama yeye. Ziache.

Kisha angalia pembeni mwa sponji. Mikunjo midogo ya juujuu ni ya kawaida. Mistari mingi ya kina chini ya kisigino, ambayo haipotei ukikivuta kiatu kikanyooka, inaonyesha sponji imekufa. Bonyeza kwa kidole gumba kisigino cha kushoto na cha kulia. Vinapaswa kuingia na kurudi sawa. Kikiwa kigumu kama ubao, ama kimechoka ama kimekaa miaka mingi. Lebo za baadhi ya kampuni huonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na ukizikuta zisome.

Hatari kubwa zaidi ni soli za poliurethani. Sponji hiyo huvunjwa na unyevu polepole hata kiatu kikikaa bila kuvaliwa, na joto huharakisha, jambo linaloeleweka kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam. Kiatu kinaonekana kipya juu, halafu soli inamegeka kama keki kavu siku ya pili. Bonyeza ukucha pembeni mwa soli: ikiacha unga au kunata, rudisha. Mwisho, kunja mbele na uangalie mstari wa gundi. Kilichoachia kidogo fundi anaweza kukigandisha na kukishona, ila usinunue kilichoshonwa kuzunguka pande zote kwa kukimbilia, kwa sababu uzi unapita kwenye sponji na mbele hakijikunji tena vizuri.

Wiki za kwanza

Mbio za kwanza na raba mpya ziwe fupi, dakika 15 hadi 20, na siku hiyo usiongeze mwendo. Ukirudi, vua uangalie miguu. Wekundu nyuma ya kisigino unatokana na kisigino kucheza, rudi kwenye kitanzi cha kamba. Wekundu kwenye ncha za vidole ni ufupi, au kamba zimelegea na mguu unateleza mbele. Kaza kwanza, na ukijirudia kiatu ni kifupi. Moto chini ya unyayo mara nyingi ni soksi nene za pamba zilizolowa jasho. Maumivu ya mfupa mahali pamoja, yanayouma ukibonyeza na yanayobaki hata ukitembea, si suala la kiatu tena: acha kukimbia uonane na mtaalamu wa afya.

Utasikia kwamba raba huisha kwa kilomita 500 hadi 800. Ni makisio ya mazoea, kwani uzito wa mtu, barabara na aina ya sponji hubadilisha sana. Kwa mtu anayekimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki, kilomita 600 ni wiki 40. Andika tarehe uliyoanza ndani ya ulimi kwa kalamu, na kuanzia mwezi wa nane wa kuitumia rudia lile jaribio la meza kila baada ya wiki chache. Ukiona mpira umeisha mpaka sponji, au kiatu kimeanza kulala upande, au muundi na magoti yanauma bila wewe kuongeza umbali, muda wake umefika. Zikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti na uzianike kivulini penye upepo. Jua kali na ukaribu wa jiko la mkaa huachisha gundi, na raba ambayo ingekaa miezi mitatu zaidi hufunguka mdomo ndani ya wiki.